Kwa nini nondo za chini ya tenki la maji zinabanana kuliko za juu

*Shikamoo injinia. Mimi ni mwalimu huku Maji ya Chai, Arusha, niko kwenye kamati ya ujenzi ya shule. Tunajenga tenki la duara la zege la kuvunia maji ya mvua, upana mita 8, kina cha maji mita 4, ukuta sentimita 20. Kwenye mchoro nondo za kuzunguka za mita ya chini ni za milimita 12 kila sentimita 17.5, nyavu mbili, ndani na nje. Mita inayofuata ni za 12 kila sentimita 22.5, halafu mita mbili za juu ni za 10 kila sentimita 20. Fundi anasema chini zimejazwa bure, ukuta kule umeshikwa na sakafu hauendi popote, tufunge za 12 kila sentimita 25 toka chini mpaka juu tuokoe hela. Nani yuko sahihi?*

Marahaba mwalimu. Fungeni kama mchoro unavyosema, hilo la sentimita 25 kila mahali msilifuate. Ila huyo fundi wenu msimdharau, maana alichokisema kuhusu ukuta kushikwa na sakafu ni kweli kabisa na kuna mainjinia wachanga hawalioni hilo, shida ni kwamba kutoka kwenye ukweli huo ameruka kwenda kwenye jibu ambalo halifuati. Nitafika hapo, ila kwanza tuelewane maji yanafanya nini kwenye huo ukuta.

Maji kyubiki moja ni tani moja. Kwa hiyo ukishuka mita moja toka usoni mwa maji, presha ni tani moja kwa kila mita ya mraba, ukishuka mita mbili ni tani mbili, na kwenye sakafu yenu kule mita nne ni tani nne kwa kila mita ya mraba. Maji hayakandamizi chini peke yake, yanasukuma na pembeni kwa nguvu hiyohiyo, ndo maana ukuta unahusika. Na hapa watu wengi wanajichanganya, wanafikiri kinachosukuma ni wingi wa maji, yaani lita 200,000 hizo mtakazokuwa nazo. Wingi hausukumi, kinachosukuma ni kina. Bomba jembamba lenye maji ya mita nne lina presha ileile chini yake kama tenki lenu.

Sasa hiyo presha inageukaje kuwa kazi ya nondo? Chukua tenki lenu, likate katikati kwa mawazo, toka juu mpaka chini, kama unapasua papai, ubaki na nusu moja. Maji yaliyomo kwenye hiyo nusu yanataka kuisukuma iende zake. Tuangalie kipande cha urefu wa mita moja tu pale karibu na sakafu, presha tani 4, upana wa ule mkato ni mita 8, kwa hiyo nguvu yote ya kuitenganisha nusu hii na mwenzake ni 4 mara 8, tani 32. Nini kinazizuia nusu mbili zisiachane? Ni ukuta peke yake, na mkato wetu umepita kwenye ukuta sehemu mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo kila upande unavutwa kwa tani 16. Ndo mvuto wa mzunguko huo, na ukitaka kuuandika kwa kifupi ni hivi:

```
T = p × R
```

T ni mvuto kwenye ukuta kwa kila mita ya urefu wake wa kwenda juu, p ni presha ya pale ulipo, R ni nusu ya upana wa tenki, kwenu mita 4. Hamna kingine ndani yake. Unene wa ukuta haumo, aina ya zege haimo, nondo hazimo. Maji yanadai tani 16 pale chini uwe umeweka nondo au hujaweka.

Ukipanda juu deni linapungua. Kina cha mita 3, tani 12. Kina cha mita 2, tani 8. Kina cha mita 1, tani 4, na usoni pa maji hamna kitu. Injinia wenu amegawa ukuta mikanda minne ya mita moja moja, na kila mkanda ameuhesabia kwa ukingo wake wa chini, yaani pale unapoelemewa zaidi, maana huwezi kubadilisha nafasi ya nondo kila sentimita kumi, fundi nondo atachanganyikiwa na makosa yatakuwa mengi kuliko faida.

Na uone kwamba R nayo inahesabika sawasawa na kina. Simtanki la lita 5000 pale dukani lina ukuta mwembamba na halipasuki, watu wanashangaa, lakini nusu ya upana wake haifiki mita moja na kina chake ni kama mita mbili, ukizidisha hupati hata tani mbili. Ninyi mna tani 16. Ndo maana ule uzoefu wa fundi aliyejenga vitenki vidogo vingi vya mita mbili mbili, vyote vikasimama vizuri na nondo kila sentimita 25, hauwezi kuhamishiwa hapo kwenu. Hakukosea kule, ila kule hesabu ilikuwa nyingine.

Haya, nondo. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ukiivuta mpaka ianze kunyooka moja kwa moja isirudi, inabeba zaidi ya tani 5. Kwa hiyo mtu akikwambia tani 16 zinataka nondo 3 au 4 tu kwa mita, kwa hesabu ya kukatika anaweza kukutetea vizuri sana. Lakini tenki la maji halihesabiwi hivyo, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kamati yako ilishike kuliko yote. Tenki linashindwa kazi yake siku linapovuja, na linaanza kuvuja mbali sana kabla nondo haijafikiria kukatika. Zege halipendi kuvutwa, likivutwa linapata ufa, na upana wa huo ufa unategemea nondo iliyopita pale imenyooka kiasi gani. Nondo ikibebeshwa sana inanyooka sana, ufa unafunguka, maji yanapita, na maji yakipita yanakutana na chuma, na kutu inaanza.

Kwa hiyo kwenye matenki nondo inabebeshwa kidogo kwa makusudi. Kitabu cha kanuni BS 8007 cha mwaka 1987, ambacho kimetumika sana kwenye kazi hizi, kinatoa mkazo wa nyutoni 130 kwa kila milimita ya mraba kwa nondo zenye makunyanzi, ukilenga ufa usizidi milimita 0.2. Zidisha na 113 unapata nyutoni kama 14,700, yaani kama tani moja na nusu kwa nondo moja ya 12. Nondo ya 10 kwa njia hiyohiyo inaruhusiwa tani moja hivi. Hizo namba mbili zishike, utaweza kukagua mchoro wako mwenyewe ukiwa umesimama saiti.

Tuone. Chini mnadaiwa tani 16, kila nondo ya 12 inalipa 1.5, kwa hiyo zinatakiwa nondo 11 ndani ya mita moja ya ukuta. Kila sentimita 17.5 kwenye wavu mmoja ni kama nondo 5.7 kwa mita, nyavu mbili 11.4, imetosha na kabaki kidogo. Mkanda wa pili kutoka chini, tani 12, zinatakiwa 8, na kila sentimita 22.5 nyavu mbili unapata karibu 9. Sawa kabisa. Injinia wenu hajajaza kitu, amelipa deni na chenji ndogo.

Sasa weka pendekezo la fundi. Kila sentimita 25, nyavu mbili, ni nondo 8 kwa mita. Kwenye kina cha mita 3 zinatosha kwa shida, kwenye mita 2 zinazidi, lakini kule sakafuni tani 16 zikigawanywa kwa 8 kila nondo inabeba tani 2 badala ya 1.5, yaani theluthi nzima zaidi ya ilivyoruhusiwa. Je tenki litapasuka siku hiyo lianguke? Hapana, na sitaki umtishe mtu kwa kusema hivyo, maana likijaa na likasimama watasema injinia mwongo. Litasimama. Kitakachotokea ni nyufa za kwenda wima kwenye mita ya chini, nyembamba lakini pana kuliko zile zinazojiziba zenyewe, ukuta unalowa nje, mnapiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji, mwaka unaofuata inavuja tena kwa sababu ufa unafunguka tenki likijaa na kufunga likipungua, na plasta haina uwezo wa kufuata huo mchezo.

Hapo juu vipi? Utaniuliza, kama kina cha mita 1 ni tani 4 tu, kwa nini mchoro umeweka nondo 10 za milimita 10 kwa mita, ambazo zinabeba tani 10? Si hizo ndo zimejazwa bure? Hapana. Zege likikauka linasinyaa, halafu huku kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kali na mchana jua likitoka linaupiga ukuta, na tenki la maji ya mvua kipindi cha kiangazi linakuwa limebaki robo, kwa hiyo sehemu ya juu iko kavu inakaangwa ndani na nje. Hizo nondo zinashika zege lisipasuke kwa kusinyaa na joto, maji hata hayahusiki. Kile kitabu kinataka angalau asilimia 0.35 ya eneo la zege, na kwa ukuta wa sentimita 20 hiyo ni milimita za mraba 350 kwa kila wavu kwa mita. Nondo za 10 kila sentimita 20 zinatoa 392. Kwa hiyo kwenye mikanda miwili ya juu kinachoamua ni kusinyaa, kwenye mikanda miwili ya chini kinachoamua ni maji. Ukuta mmoja, sababu mbili tofauti.

Sasa nirudi kwa fundi na hoja yake ya sakafu. Ili ukuta uvutwe kimzunguko, lazima utanuke, hata kama ni kidogo sana usichokiona kwa macho. Duara likitanuka ndo nondo inanyooka, nondo ikinyooka ndo inabeba. Sasa pale chini kabisa ukuta umeunganishwa na sakafu, sakafu haitanuki, kwa hiyo ukuta hauwezi kutanuka, kwa hiyo nondo za kuzunguka za pale kwenye kona hazinyooki na hazibebi karibu chochote! Fundi yuko sahihi. Ukifanya hesabu ya ukuta wenu kwa kudhani sakafu imeushika kikamilifu, mvuto mkubwa kabisa wa mzunguko hauko sakafuni, uko kama mita 1.6 juu ya sakafu, na ni tani 9.7 hivi, siyo 16. Chini ya hapo unashuka mpaka sifuri.

Kwa hiyo mbona tusifuate hesabu hiyo? Kwa sababu ina sharti, kwamba sakafu imeushika ukuta kikamilifu, hautelezi na hauinami. Ukidhani unaweza kuinama kidogo pale kwenye maungio lakini hautelezi, mvuto mkubwa unapanda mpaka tani 11.7 na unashuka karibu zaidi na sakafu, kama mita 1.2 juu yake. Ukidhani unaweza kuteleza, mnarudi kwenye tani 16 palepale sakafuni. Tenki halisi liko katikati ya hizo hadithi tatu na hakuna mtu anayejua liko wapi hasa. Udongo chini ya ukingo wa sakafu unaweza kubonyea kidogo tofauti na katikati, maungio ya ukuta na sakafu yanapata kaufa na yanaanza kuinama, zege la ukuta linamwagwa siku nyingine na la sakafu. Kila kimoja cha hivyo kinailegeza ile mshiko ambayo fundi anaitegemea, na ikilegea mvuto unateremka chini kuzifuata nondo za mkanda wa mwisho. Kama hazipo, hakuna wa kuupokea.

Halafu kuna kitu kingine kwenye hesabu hizo. Ukiangalia hadithi ya pili, mita 1.2 juu ya sakafu kina cha maji ni 2.8, na kanuni rahisi ya T ingekupa tani 11.2, kumbe ni 11.7. Sehemu iliyoshikwa chini inawasukumia walio juu yake kamzigo kidogo. Ndo maana mabadiliko ya nafasi za nondo msiyafanye chini ya mstari uliochorwa, bora mkanda mzito upande sentimita ishirini zaidi kuliko ukomee sentimita ishirini kabla.

Na huo mshiko wa sakafu haupatikani bure, mwalimu. Maji yanausukuma ukuta kwenda nje, mguu umeshikwa, kwa hiyo ukuta unapinda pale mguuni, na upande unaovutwa kwa kupinda huko ni wa NDANI, kule kwenye maji. Kwa tenki lenu kama limeshikwa kikamilifu ni kama tani-mita 0.78 za kupinda kwa kila mita ya mzunguko, siyo kubwa, lakini inataka nondo za wima upande wa ndani, za 12 kila sentimita 20 zinatosha, zikitoka ndani ya sakafu na kupanda kwenye ukuta. Mtu anayesema ukuta umeshikwa na sakafu halafu anapunguza hizo za wima za ndani anakula pande zote mbili. Angalia kwenye mchoro kama zipo, na angalia saiti kama kweli zimesimama upande wa ndani, maana nimeshakuta zimesukumwa katikati ya ukuta wakati wa kumwaga, na zikiwa katikati hazifanyi kazi hiyo.

Tuje kwenye hela, maana ndo hoja ya kamati. Nondo moja ya mzunguko kwenu, pamoja na mapishano, ni kama mita 27.5. Nimepiga hesabu ya mchoro wote wa nondo za mzunguko, ni kama kilo 850. Ya fundi ni kama kilo 780. Kwa hiyo ubishi wote huu ni wa kilo 70, yaani nondo sita au saba za mita 12. Na zinatoka wapi hizo? Fundi kwa kweli anaongeza chuma juu, anaweka za 12 pale ambapo za 10 zilitosha, halafu anapunguza mkanda wa chini. Anapeleka hela yenu pasipodai.

Kitu ambacho ningekikagua kwa makini kuliko hata nafasi za nondo ni mapishano. Mzunguko ni karibu mita 26 na nondo inauzwa mita 12, kwa hiyo kila duara lina maungio matatu, na mvuto wote wa ile nondo unapita kwenye hayo maungio kupitia zege. Nondo mbili zilizopishana sentimita 30 zikafungwa waya mzuri hazina maana, waya haubebi kitu, unashikilia tu mpaka zege likauke. Kwa nondo ya 12 nataka sentimita 60. Kata hivi, nondo mbili nzima na kipande cha mita 3.5, na nondo moja inatoa vipande vitatu vya hivyo inabaki mita moja na nusu ya kufanyia kazi ndogo ndogo. Halafu mapishano ya duara moja yasikae juu ya mapishano ya duara la chini yake. Yakijipanga wima kama zipu ndipo ufa wa wima utakapoanzia, na huo hauna dawa nyepesi. Kuzipinda wala msihangaike, nondo ya 12 kwenye duara la mita 8 inajikunja yenyewe ukiisukuma kwa mkono.

Kabla mbao hazijafungwa upande wa pili, nenda na futi. Weka mita moja toka sakafuni, hesabu nondo za kulala za ndani, hesabu za nje. Jumla iwe 11 au 12. Panda mita inayofuata, iwe karibu 9. Kisha hakikisha kuna vibiskuti vya zege vya sentimita 4 kati ya nondo na mbao pande zote mbili. Piga picha. Hiyo ni kazi ya nusu saa na mbao zikishafungwa hakuna anayeweza kuifanya tena. Na ukuta msiuache ukae wiki nyingi baada ya sakafu ndo mmwage, kwa sababu sakafu inakuwa imeshamaliza kusinyaa kwake, ukuta mpya unataka kusinyaa mguu wake umeshikwa na zege kongwe lililotulia, na unapata nyufa za wima kwenye mita ya chini hata kabla ya tone la maji kuingia. Hiyo nayo ni sababu nyingine ya nondo kubanana pale.

Zege likishakomaa, jazeni taratibu, isizidi mita 2 kwa siku, na kila mita mtembee kuzunguka mkiangalia. Ufa wa wima maana yake ni mvuto wa mzunguko, ufa wa kulala karibu na sakafu maana yake ni kupinda au maungio ya ukuta na sakafu hayakushikana vizuri. Weka alama kwa kalamu mwisho wa kila ufa na tarehe. Vile vya nywele vinaweza kutoa jasho siku chache halafu vikaacha chokaa nyeupe na kukauka vyenyewe, hivyo viache. Kwa nyufa za kipimo chenu cha milimita 0.2 mnaliacha tenki limejaa mpaka siku 21 litulie, zege linywe maji yake na nyufa zijizibe, halafu ndo mnapima kushuka kwa maji siku 7. Kiasi kinachokubalika ni sehemu moja ya 500 ya kina, kwenu milimita 8, ambazo kwa sakafu ya mita za mraba 50 ni kama lita 400 kwa wiki nzima. Kama tenki halijafunikwa weka na ndoo yenye maji ielee humohumo ndani ujue jua limekunywa ngapi, utoe hiyo kwenye hesabu.

Maji yakishuka zaidi ya hapo msipige plasta kwanza. Yaacheni yashuke yenyewe na kila asubuhi andikeni kimo chake. Pale yatakapogoma kushuka ndipo kwenye kina cha uvujaji, na kwa tenki lililofungwa nondo vibaya pale chini kuna dalili yake, yanashuka haraka likiwa limejaa, halafu yanaenda polepole kadiri kina kinavyopungua kwa sababu mvuto unapungua na ufa unajifunga, na bado chini kunabaki na jasho. Ukiona hivyo mpigie injinia aliyechora na umpelekee zile picha za nondo.